Samaki wa Fulton: siku 111 za bei na mauzo, na kwa nini mchoro wa nukta peke yake haukuambii kitu

Soko la samaki la Fulton lilikuwa Manhattan ya chini, New York, kabla halijahamishiwa Bronx mwaka 2005. Watu walianza kufika saa tisa usiku na kufikia saa tatu asubuhi mambo yamekwisha. Hakuna bei iliyobandikwa popote, mnunuzi anakuja anauliza, muuzaji anamtajia bei yake, anayefuata anaweza kutajiwa nyingine, ukiona imekuzidi unaenda kwa muuzaji wa pili. Mchumi Kathryn Graddy alipata rekodi za mmoja wa wauzaji hao, kuanzia tarehe 2 Desemba 1991 mpaka tarehe 8 Mei 1992, siku 111 za biashara, na akachagua samaki mmoja tu, waitingi, samaki mweupe wa bei ya chini ambaye wanunuzi wake wengi ni wenye maduka madogo na vibanda vya samaki wa kukaanga. Kwa kila siku una bei ya wastani kwa ratili na una jumla ya ratili zilizouzwa. Basi, safu mbili.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kufungua Ekseli anajua kitakachofuata. Unaweka bei upande mmoja, kiasi upande wa pili, unapata nukta 111, unapitisha mstari katikati, mstari unashuka kidogo, unashangilia, unaandika chini yake "mkondo wa mahitaji". Ukifanya hivyo kwa logi za bei na logi za kiasi (logi zinatumika ili mteremko usomeke moja kwa moja kama asilimia kwa asilimia), mteremko unatoka kama -0.54. Tafsiri ya haraka haraka: bei ikipanda asilimia 10, wateja wananunua pungufu kwa asilimia 5.4 hivi. Inasomeka vizuri, ishara ni hasi kama kitabu kinavyotaka, na kosa sanifu, yaani kadirio la namba hiyo kuyumba kwa bahati tu, ni 0.18 kwa hiyo hata takwimu zinasema "sio bahati nasibu". Shida ni kwamba hiyo -0.54 sio elastisiti ya mahitaji, yaani kipimo cha wanunuzi wanavyosikia bei. Na sio ya ugavi pia. Ni namba ambayo haina mwenyewe.

Sababu yake ukiielewa mara moja hutaisahau, kwa hiyo naomba twende taratibu hapa hata kama unaona mengine tunayapitia mbio.

Nukta moja kwenye ule mchoro ni nini? Ni siku moja ambayo soko lilitulia mahali fulani, yaani bei ambayo wanunuzi walikubali kuchukua samaki kiasi kile na wauzaji walikubali kuachia kiasi kile kile. Nukta ni makutano ya mistari miwili. Wewe unayetazama mchoro huioni mistari yenyewe, unaona makutano tu. Kesho yake wanunuzi wana hamu zaidi, mstari wao umesogea, makutano yamehama. Keshokutwa bahari imechafuka, mstari wa wauzaji umesogea, makutano yamehama tena. Baada ya siku 111 una makutano 111, kila moja la mistari yake, na hakuna sababu yoyote ya makutano hayo kukaa juu ya mstari mmoja wa mahitaji au mmoja wa ugavi.

Tuchukue mfano mdogo wa kutunga, namba nimeziweka mwenyewe ili hesabu iwe rahisi. Tuseme siku ya kawaida wanunuzi wanataka makasha 120 ukitoa 10 kwa kila kipimo cha bei, yaani `Q = 120 - 10P`, na wauzaji wanaleta `Q = 20 + 10P`. Makutano yako kwenye bei 5, makasha 70. Siku ya pili kuna sikukuu, wanunuzi wanataka makasha 20 zaidi kwa kila bei, wauzaji hawajabadilika: bei 6, makasha 80. Siku ya tatu hakuna sikukuu ila kuna dhoruba, wauzaji wana makasha 20 pungufu kwa kila bei: bei 6, makasha 60. Siku ya nne vyote viwili, sikukuu na dhoruba: bei 7, makasha 70.

Zichore hizo nukta nne kwenye karatasi: (5, 70), (6, 80), (6, 60), (7, 70). Unapata umbo la almasi. Pitisha mstari wa rigresheni katikati na mteremko wake ni sifuri kamili. Sifuri! Yaani ripoti yako ingesema "bei haina athari yoyote kwa kiasi wanachonunua wateja", wakati mimi niliyelitengeneza soko hili najua kabisa kwamba kila bei ikipanda kwa kipimo kimoja wanunuzi wanaacha makasha 10, na wauzaji wanaongeza 10. Mistari miwili mikali kabisa, na mchoro unaonyesha tambarare. Na data haina kosa hata moja ndani yake, hakuna aliyepima vibaya, hakuna siku iliyokosekana, kila nukta ni ya kweli.

Ukitaka kuona ni kitu gani hasa rigresheni inakadiria, andika mahitaji kama `q = -b*p + u` na ugavi kama `q = d*p + v`, ambapo `u` ni misukosuko ya upande wa wanunuzi (sikukuu, mshahara kutoka, baridi) na `v` ni misukosuko ya upande wa wauzaji (dhoruba, mafuta ya boti kupanda). Ukitatua zote mbili kwa pamoja, bei inatoka `p = (u - v)/(b + d)`. Simama hapo uitazame. Bei ina `u` ndani yake. Rigresheni ya kawaida inataka bei isiwe na uhusiano na misukosuko ya mahitaji, na hapa bei imetengenezwa na misukosuko hiyo hiyo, siku wateja wakiwa na hamu bei inapanda kwa sababu ya hamu yao. Huo ndio upotofu wa usawia, bei na kiasi vinaamuliana kwa wakati mmoja na wewe umemteua mmoja kuwa chanzo na mwingine kuwa matokeo, kwa mabavu tu.

Kama `u` na `v` hazihusiani, mteremko unaopata ni huu:

```
(d*var(u) - b*var(v)) / (var(u) + var(v))
```

Isome kwa maneno: ni wastani wa mteremko wa ugavi `d` na mteremko wa mahitaji `-b`, na uzito wa kila mmoja unategemea nani anatikisika zaidi. Wanunuzi wakitikisika sana na wauzaji wametulia, unachora ugavi. Wauzaji wakitikisika sana na wanunuzi wametulia, unachora mahitaji. Wakitikisika wote, unachora uji.

Rudi kwenye -0.54 ya Fulton na ujaribu kuipa mwenyewe. Soko la kwanza: elastisiti ya mahitaji ni -1.08, ugavi hausikii bei kabisa (`d = 0`), na pande zote mbili zinatikisika sawa. Hesabu: nusu ya sifuri na nusu ya -1.08, ni -0.54. Soko la pili: mahitaji -2, ugavi 0.92, mtikisiko sawa. Nusu ya 0.92 ni 0.46, toa 1, unapata -0.54. Soko la tatu: mahitaji -0.6 tu, ugavi sifuri, na sehemu 9 kati ya 10 za mtikisiko zinatoka kwa wauzaji: 0.9 mara -0.6 ni -0.54. Masoko matatu ambayo muuzaji angefanya biashara tofauti kabisa ndani yake, kwenye moja kupandisha bei kunamlipa, kwenye lingine kunamfukuzia wateja, na mteremko ni ule ule. Hii ndiyo maana watu wa fani wanasema mchoro wa bei na kiasi "hautambulishi" kitu. Halafu angalia, mtu akikuambia ongeza data, mwambie hata ukiwa na siku milioni moja utapata tu -0.54 yenye desimali nyingi zaidi. Kugeuza mihimili, ukaweka bei kushoto na kiasi kulia, nako peke yake hakukuokoi, ila kuna hali moja ambayo nitaigusa mbele.

Inachekesha kidogo kwamba kosa hili lilifanyika kwa ukubwa wake katika mji huo huo wa New York. Henry Moore, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha kitabu mwaka 1914 ambamo alichora bei na kiasi cha chuma ghafi, mstari ukapanda juu, akatangaza kwamba amepata aina mpya ya mkondo wa mahitaji, unaopanda. Kilichotokea ni rahisi ukishaiona ile fomula: chuma ghafi wanakinunua wajenzi wa reli na viwanda, na uchumi ukichangamka wote wanataka kwa pamoja, ukizorota wote wanaacha, kwa hiyo `u` inaruka huku na huku wakati upande wa viwanda vya kuyeyusha umetulia zaidi. Alikuwa anatazama kitu kinachofanana zaidi na ugavi, akakiita mahitaji. Elmer Working akaliandika jambo hili waziwazi mwaka 1927, na mwaka uliofuata Philip Wright, kwenye kiambatisho cha kitabu kuhusu ushuru wa mafuta ya mimea na wanyama (nani angetafuta kitu kama hicho huko?), akaonyesha njia ya kutokea.

Njia yenyewe ni hii: tafuta kitu kinachosukuma mstari mmoja na hakigusi mwingine, watu wa fani wanakiita instrumenti. Kwenye Fulton, kitu hicho ni hali ya bahari.

Graddy alichukua kasi ya upepo na urefu wa mawimbi nje ya pwani kwa siku chache kabla ya siku ya mauzo, akafanya wastani, na siku ikahesabiwa kuwa ya dhoruba kama mawimbi yamezidi futi 4.5 na upepo umezidi nots 18. Takriban siku tatu kati ya kila kumi ziliingia humo. Hoja ni kwamba mvuvi akikuta mawimbi hayo anarudi na samaki wachache au hatoki kabisa, lakini mama mwenye kibanda cha samaki wa kukaanga Harlem hajui wala hajali mawimbi ya juzi yalikuwa futi ngapi. Kwake bei ndiyo habari.

Sasa angalia hesabu inavyokuwa nyepesi. Huhitaji mchoro wa nukta 111. Zigawe siku katika mafungu mawili, za dhoruba na zisizo za dhoruba, na uchukue wastani wa kila fungu. Logi ya bei siku za dhoruba iko juu kwa takriban 0.34, hiyo ni kama asilimia 40. Logi ya kiasi iko chini kwa takriban 0.36, kama asilimia 30. Gawanya -0.36 kwa 0.34 (desimali zilizokatwa zikirudishwa) unapata -1.08. Hiyo ndiyo elastisiti ya mahitaji kwa njia hii, mara mbili ya ile ya mchoro.

Kwa nini kugawanya kunafanya kazi? Rudi kwenye almasi yetu. Siku mbili zisizo na dhoruba zina wastani wa bei 5.5 na makasha 75. Siku mbili za dhoruba zina wastani wa bei 6.5 na makasha 65. Tofauti ya makasha ni -10, tofauti ya bei ni 1, mgawanyo ni -10, na hiyo ndiyo namba niliyoipanda mwenyewe kwenye mstari wa wanunuzi. Sikukuu haijaondoka, ipo bado kwenye data, ila ipo siku moja katika kila fungu, kwa hiyo ukichukua tofauti ya mafungu inajifuta. Dhoruba haichagui siku za sikukuu, basi, kilichobaki kati ya mafungu mawili ni ugavi tu uliosogea, na ugavi unaposogea juu ya mahitaji yaliyotulia unateleza kwenye mstari wa mahitaji.

Kama una R kwenye mashine, jaribu hii, dakika moja tu:

```r
set.seed(1)
n <- 100000
z <- rbinom(n, 1, 0.3)      # 1 = siku ya dhoruba
u <- rnorm(n)               # upande wa wanunuzi
v <- -z + rnorm(n)          # upande wa wauzaji
b <- 1.08; d <- 0.5
p <- (u - v)/(b + d)
q <- -b*p + u
coef(lm(q ~ p))[2]
(mean(q[z==1]) - mean(q[z==0])) /
(mean(p[z==1]) - mean(p[z==0]))
```

Namba ya kwanza itakaa karibu na -0.37, ya pili karibu na -1.08. Kisha badilisha `d` iwe 3, yaani wauzaji wanaosikia bei sana, endesha tena: namba ya kwanza inaruka mpaka karibu 0.77, ya kupanda, Moore kabisa, wakati wanunuzi hawajabadilika hata kidogo na namba ya pili bado inazungukia -1.08. Ukitaka kumshawishi mtu mbishi ofisini usimpe fomula, mpe hii aichezee `d` mwenyewe.

Na tofauti ya -0.54 na -1.08 sio ya kitabuni. Kwa -0.54, samaki wakipungua asilimia 30 bei ingebidi ikaribie kuongezeka mara mbili ili soko litulie, na wauzaji kwa ujumla wangefurahia dhoruba. Kwa -1.08 bei inapanda asilimia 40 na mapato ya jumla yanabaki karibu pale pale, dhoruba haimtajirishi mtu. Ukitaka kupanga kodi, au kuzuia uvuvi kwa miezi fulani, hizo ni dunia mbili.

Haya, sasa mashaka, kwa sababu nimeona watu wakiisimulia hadithi hii kama muujiza.

La kwanza, kosa sanifu la ile -1.08 ni 0.48. Ukijenga masafa ya kawaida unapata kutoka -2 hivi mpaka -0.1 hivi, na -0.54 imekaa humo ndani starehe. Kwa hiyo kwa data hii peke yake huwezi kuapa kwamba namba mbili ni tofauti. Ndiyo gharama ya njia yenyewe: umetupa mtikisiko wote wa bei isipokuwa ule uliotoka baharini, umebaki na habari kidogo, jibu linakuwa na ukungu. Mchoro unakupa jibu kali la swali ambalo hukuliuliza. Mimi ningechukua lenye ukungu, lakini ningeuandika ukungu wenyewe kwenye ripoti.

La pili, dhoruba lazima isukume bei kweli. Hapa 0.34 yenye kosa la 0.07 ni msukumo wa kutosha. Ingekuwa 0.05 yenye kosa la 0.05, ungekuwa unagawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri, na jibu lingeruka ovyo. Watu wengi wanachungulia mgawanyo wa mwisho tu, mi naangalia tofauti ya bei kwanza, ikiwa dhaifu sisomi mbele.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Je, ni kweli dhoruba haigusi wanunuzi? Hali ya hewa ya baharini inaweza kuja na mvua na baridi nchi kavu, watu wasitoke kula. Graddy aliliona hilo, akaingiza mvua na baridi ya nchi kavu kama vitu vya kudhibiti. Lakini kuna mlango mwingine: dhoruba haimchagui waitingi. Inapunguza na samaki wengine wanaovuliwa maji hayo hayo, bei zao zinapanda, na mnunuzi aliyekuwa achukue samaki wa bei ya juu anashuka kwa waitingi. Hapo mahitaji ya waitingi yamesogea kwa sababu ya dhoruba, kitu tulichoahidi hakitokei. Kiasi kinaanguka pungufu kuliko ambavyo kingeanguka kama ni waitingi peke yake aliyepanda bei, kwa hiyo -1.08 ingekuwa inadogosha usikivu wa wanunuzi. Hakuna jaribio la takwimu litakalokuthibitishia hili kwa instrumenti moja. Inabidi ulijue soko, uongee na watu wanaonunua, basi.

Kuna pingamizi moja zuri ambalo watu wa sokoni wenyewe hulitoa: "samaki alishavuliwa jana, leo asubuhi kiasi ni kile kile, ugavi ni ukuta, usawia unatoka wapi?" Wana hoja nusu. Kama ugavi wa siku ni ukuta kweli, basi kiasi kinaamuliwa na bahari tu, na unaweza kugeuza mihimili, ukaweka bei kama matokeo na kiasi kama chanzo, na mteremko utakuwa moja ikigawanywa kwa elastisiti, bila upotofu. Hiyo ndiyo ile hali niliyoiahidi. Lakini ukiacha kiasi kushoto na bei kulia, hata huo ukuta haukusaidii, tazama soko letu la kwanza pale juu: `d` ilikuwa sifuri na bado tulipata nusu ya ukweli, kwa sababu bei iliendelea kubeba hamu ya wanunuzi. Isitoshe ukuta wenyewe una ufa. Waitingi anakaa siku chache kwenye barafu kabla hajaharibika, kwa hiyo muuzaji akiona bei ya leo mbovu anaweka makasha kadhaa ya kesho, akiona nzuri anayatoa ya jana. Hicho kinachotoka na kuingia kwenye barafu ni ugavi unaosikia bei.

Na ugavi wenyewe je? Dhoruba haituambii chochote kuuhusu. Hili watu hulisahau, wanadhani ukishapata instrumenti umelipata soko zima. Ili kuchora ugavi unahitaji kitu kinachosukuma wanunuzi peke yao, na kwenye data hii mgombea ni siku ya wiki: Jumanne na Jumatano mauzo yanashuka sana ukilinganisha na Ijumaa. Kama wavuvi hawajali ni Jumanne au Ijumaa, umepata. Lakini muuzaji anaijua kalenda, anajua Ijumaa inakuja, anaweza kuweka samaki barafuni Jumatano akimsubiri mteja wa Alhamisi, na hapo siku ya wiki imegusa ugavi pia. Zaidi ya hapo, Graddy aligundua kwamba wanunuzi wenye asili ya Asia walilipa bei ya chini kuliko wazungu kwa samaki wa aina ile ile. Muuzaji anayeweza kutoza bei mbili kwa kitu kimoja ana nguvu fulani juu ya bei, na muuzaji mwenye nguvu juu ya bei hana mkondo wa ugavi kwa maana ya kitabuni, anatazama mahitaji ndipo anaamua. Kwa hiyo kwenye Fulton upande wa mahitaji unasomeka, na upande wa ugavi sina hakika hata kama upo wa kusomwa.

Swali ambalo najua mtu wa pwani ataniuliza: si tuchukue kusi, tufanye hivi hivi Feri au Malindi? Nimelifikiria. Upepo unasumbua wavuvi wetu kweli, mwenye ngalawa hatoki kusi likikaza. Lakini kusi sio dhoruba ya siku mbili ikapita, ni msimu, linakaa miezi, na ndani ya miezi hiyo vitu vingine vinahama pamoja nalo, watalii wanakuja au wanaondoka, mavuno yanaingia watu wana hela, mwaka mwingine Ramadhani inaangukia humo na mwaka mwingine haimo. Ukilinganisha miezi ya kusi na miezi ya kaskazi umerudi kwenye uji, maana wanunuzi nao wamesogea. Kinachoweza kufaa ni upepo wa siku kwa siku ndani ya mwezi huo huo, siku uliokaza dhidi ya siku uliolegea, na bei zilizoandikwa kila asubuhi ya mnada kwa samaki mmoja, sio wastani wa mwezi wa samaki wote. Na kabla ya hesabu yoyote ningeanza pale alipoanzia Graddy, niangalie kama siku upepo ulipokaza bei ya mnada ilipanda kweli, maana siku hiyo hiyo inaweza kuingia gari la barafu kutoka Mwanza limejaa sangara na sato, na bei isitikisike.